Sabalkheri gani hii inayonitia jasho kabla jua halijatoka?

Bint_Langoni:
Wadau, nimechoka na nasema leo leo. Kuna kaka tumejuana juzijuzi harusini hapa Amu. Mtu mzuri, ana adabu, anafanya kazi Mokowe. Tatizo ni asubuhi zake.

Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya wageni Shela. Alfajiri niko kwenye boti, na jua likichomoza mikono yangu iko kwenye unga wa mahamri. Jana saa kumi na moja alfajiri simu ikaita: "Sabalkheri malkia wangu. Sikulala nikikuwaza. Umeamkaje? Umekula? Umenikumbuka? Nijibu basi nianze siku yangu vizuri."

Nikafungua kwa kidole kimoja chenye unga nikijua labda kuna dharura. Tiki zikageuka buluu, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Saa moja: "???" Baadaye kidogo: "Naona umesoma." Kisha akapiga, sikupokea, mafuta yalikuwa motoni. Kisha: "Sawa, nimeelewa." Ameelewa nini? Hata chai sijanywa!

Linalonikera zaidi ni hili. Usiku wa kuamkia jana nilimwambia kwamba wageni wengi wanakuja na jiko la gesi linazima-zima, naogopa kuaibika. Asubuhi yote hiyo, jiko hakulitaja. Maneno matamu tele, lakini nilichomwambia hakikumkaa. Nilimweleza kwa upole, akaniambia, "Kumbe kukujali ni kosa."

Pwani_Fundi:
Dada, mbona rahisi? Ingia WhatsApp, mipangilio ya faragha, uzime Read receipts. Hataona tiki ya buluu tena.

Mama_Kaskazi:
Nusu yake ni kweli, mwanangu. Ukizima, na yeye zake huzioni. Ujumbe wa sauti ukiusikiliza, bado atajua, na kwenye makundi tiki ziko vilevile. Halafu mtu wa "???" hatulizwi na tiki. Atauliza kwa nini umezima.

Shida iko kwenye ujumbe wenyewe, hebu uangalieni. Maswali matatu, na kila moja linadai jibu. Kisha anambebesha binti siku yake yote: nijibu *nianze vizuri*. Maana yake asipojibu, siku ikiharibika ni kosa la binti. Na "malkia wangu" kwa mtu mliyejuana juzi! Hajakuwa wako, muite jina lake.

Angeandika hivi, mara moja, wakati ambapo ameshafika kazini:

"Sabalkheri Fulani. Nimekumbuka wageni wako wa leo, Mungu alitulize hilo jiko. Najua uko mbioni, hili si la kujibu sasa."

Basi. Kuwataja wageni na jiko kunaonyesha alisikiliza. Hakuna swali, kwa hiyo hakuna deni. Lakini akishaliandika asirudi saa nne na "mbona kimya?", maana hapo ile ruhusa aliyompa inageuka mtego, heri asingeitoa.

Kapteni_Mtepe:
Sasa wanawake mnataka tusisalimie? Mimi nilikuwa nampelekea wangu picha ya maua na dua kila siku, sikukosa hata moja. Akaniacha.

Mama_Kaskazi:
Kapteni, hakuna aliyekataa salamu. Hizo picha zako zilikuwa na neno Forwarded juu yake? Basi alijua kwamba watu mia wameshapelekewa maua yale yale.

Kapteni_Mtepe:
...Zilikuwa nalo.

Mwana_Barani:
Malindi hapa mchumba wangu nisipomwandikia asubuhi ananuna mpaka magharibi. Sasa mtu atajuaje yupi wa kila siku na yupi wa kuachiwa nafasi?

Mama_Kaskazi:
Wako ni mchumba, mmeshazoeana. Huyu ni mpya. Kwa mpya mimi ningesema ruka siku moja, uone kama naye ataanza. Akianza yeye, umejua. Asipoanza kabisa wiki nzima, umejua pia.

Pwani_Fundi:
Hiyo ya kuruka siku mimi siikubali. Mwengine atadhani ametemwa.

Mama_Kaskazi:
Inawezekana. Watu hawafanani.

Bint_Langoni:
Mama, ule ujumbe wako nimeusoma mara mbili na roho imetulia. Ungetoka kwake ningeujibu hapo hapo na unga mkononi!

Nimemwandikia sasa hivi: "Kazini sishiki simu. Nitakujibu saa nane nikipumzika. Na usiniite malkia." Akajibu, "Sawa, nimekuelewa vizuri, samahani." Nikafurahi.

Dakika mbili baadaye: "Lakini huna hasira, eti?" Kisha: "Fulani?" Kisha anapiga. Jamani, anapiga sasa hivi ninavyoandika.