MREJESHO: lile swali la basi na lori njia panda

Niliuliza: "Basi la Urambo liko km 0.8 kutoka njia panda spidi 60, lori la Nzega km 0.6 spidi 50, barabara zinakatana nyuzi 90, umbali kati yao unapungua kwa kasi gani?"

Wakuu asanteni sana. Ule ushauri wa kuweka namba kwanza umegoma, s, yaani umbali kati yao, inakuwa 1 tu haibadiliki halafu jibu linatoka 0. Kilichofanya kazi ni kudiferenshieti s² = x² + y² kwanza ndo namba zifuate, na spidi zote hasi kwa vile x na y, yaani umbali wa lori na wa basi kutoka njia panda, zinapungua:

1 × ds/dt = 0.6(−50) + 0.8(−60) = −78

Yaani wanakaribiana kwa km 78 kwa saa. Lori likishavuka, 50 inakuwa chanya.