Kikomo cha maombi kwenye API ya meseji: ndoo ya tokeni au dirisha linalosogea? Na kikae wapi?

fundi_wa_usiku
Habari zenu wakuu. Tuna API ambayo shule 40 zinatumia kutuma meseji kwa wazazi. Kila shule ina ufunguo wake na ruhusa ya meseji 100 kwa dakika. Seva ziko tatu nyuma ya Nginx, na hesabu iko Redis kwa `INCR`: dakika ikigeuka, tunaanza sifuri. Juzi shule moja ilituma 100 kwenye sekunde ya 58, na 100 nyingine sekunde ya kwanza ya dakika iliyofuata. Kwa sheria zangu haikukosea, ila ni meseji 200 ndani ya sekunde tatu, na kampuni inayotupitishia meseji inapokea 20 tu kwa sekunde. Nyingi zilikataliwa, mwalimu mkuu akanipigia simu kwa hasira. Nibadilishe hesabu, au nihamishe kikomo?

mpwa_wa_tanga
Weka `limit_req` kwenye Nginx, mistari miwili, kwisha habari. Redis ya nini?

bi_mtambo
Mpwa, nusu uko sawa. Nginx inaweza kuhesabu kwa ufunguo ukiipa `$http_x_api_key`, badala ya anwani ya IP ambayo kwenye mitandao ya simu watu wengi hushea moja. Shida ni kwamba inahesabu maombi. Shule ikituma ombi moja lenye namba 100 za wazazi, Nginx inaona moja. Tena pale mlangoni ufunguo bado haujahakikiwa, mtu anaweza kubuni funguo mpya kila sekunde.

Fundi, dirisha linalosogea linakopa kutoka dakika iliyopita:

```
makadirio = sasa + iliyopita * (60 - sekunde) / 60
```

Kwenye sekunde ya kwanza, zile 100 za nyuma zinahesabiwa kama 98 na kitu, kwa hiyo shule yako ingepata meseji moja tu. Lakini fomula inadhani zile 100 zilitawanyika dakika nzima, kumbe zilikuja kwa mkupuo. Shule ikisubiri hadi sekunde ya 57, makadirio yameshuka hadi 5, nayo inaruhusiwa 95 kwa mpigo. Hapo ndipo wewe unaumia: hata dirisha lisilo na kosa lolote lingeruhusu mkupuo wa 100, maana linalinda dakika, halilindi sekunde.

Kwenye ndoo kila meseji inachota tokeni moja, nawe una namba mbili za kuchezea, ujazo na kasi ya kujaa:

```
tokeni = min(20, tokeni + sekunde_zilizopita * 100/60)
```

Mkupuo hauzidi 20, na ndani ya dakika yoyote hazipiti 120. Ukiweka ujazo wa 100, mkupuo wa 100 unapita, na dakika moja inaweza kufika 200. Watu husifia ndoo wakasahau ujazo.

kobe_mtandaoni
Hata mimi bando langu likifika kiwango fulani linapunguzwa kasi. Kuna namna ya kuwakwepa?

mpwa_wa_tanga
Kobe, uzi wako uko jukwaa la pili 😂

fundi_wa_usiku
Basi ndoo ya 20, ndani ya programu, baada ya ufunguo kuhakikiwa. Nisome tokeni, nipunguze, niandike?

bi_mtambo
Usifanye hatua tatu kutoka seva. Seva mbili zitasoma tokeni 1 kwa wakati mmoja, zote zipitishe. Weka yote kwenye skripti moja ya Lua ndani ya Redis; ikianza, hakuna amri nyingine inayoingia katikati. Na saa ichukue ya Redis yenyewe, kwa `TIME`, kwa sababu saa za seva tatu hazilingani.

Ila ndoo hizo hazimlindi mpitishaji wako. Shule 40 zikimwaga ndoo zilizojaa siku ya matokeo, ni meseji 800 papo hapo. Weka foleni upande wa kutokea, itoe 20 kwa sekunde: 800 zinaisha kwa sekunde 40, hakuna atakayelalamika. Halafu piga hesabu nyingine: shule 40 mara 100 ni 4,000 kwa dakika, na wewe unaweza kutoa 1,200. Mmeuza zaidi ya mlichonacho, na hilo halitibiwi na msimbo wowote.

fundi_wa_usiku
Aisee. Hiyo 4,000 sikuwahi kuizidisha. Redis ikizimika je, nipitishe zote au nikatae?

mpwa_wa_tanga
Kataa zote kwa 503.

bi_mtambo
Mimi ningepitisha, kwa kuwa foleni bado inashika breki nyuma. Lakini kama foleni nayo iko kwenye Redis ileile, sina jibu zuri. Iko wapi?

fundi_wa_usiku
...Ileile.