Tupeane uzoefu: fundi mkuu wa kiwanda cha familia anakaribia kustaafu, mnamwandaaje wa kushika nafasi yake?

MamaMchele_Moshi
Habari zenu wakuu. Tuna mashine ya kukoboa mpunga hapa Moshi, kiwanda cha familia, mpunga mwingi unatoka Chekereni na Mabogini. Fundi wetu ni mmoja. Yeye ndiye anayefunga rola, anayeseti mashine, anayeshika mambo ya mota, na ndiye anayejua spea ipi inunuliwe kwa nani. Ana miaka 58. Yupo msaidizi wake, na yupo kijana wetu wa nyumbani aliyemaliza VETA. Wenye viwanda vidogo na karakana, mnapanga vipi hili jambo?

Mangi_wa_Himo
Dada, msichelewe. Nendeni BRELA mwangalie majina ya wakurugenzi na hisa zimekaaje, kisha mzee aandike wosia. Nyumba nyingi zimegombana kwa sababu ya kupuuza hapo.

MamaMchele_Moshi
Asante kaka, hisa tulishazipanga. Ninachouliza ni kazi ya fundi. Akiondoka, nani atasimama pale kwenye mashine?

Mzee_wa_Spana
Mwanangu, usimpe fundi daftari ukamwambia aandike anachojua. Ataandika "kufunga rola, kupaka grisi, kukaza mikanda", na hayo hata mfagiaji anayajua. Daftari mpe msaidizi. Kila fundi anaposimamisha mashine au kushika spana, msaidizi aandike mambo matatu: fundi ameona au amesikia nini, amegusa wapi, na amejuaje kwamba sasa imekaa sawa. Hilo la tatu ndilo linaloondoka na mtu.

Chukua rola za mpira. Zipo mbili, zinazunguka kuelekeana na moja ina mwendo zaidi ya mwenzake, kwa kawaida kama robo hivi. Tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayovua ganda. Sasa ile ya haraka huisha mapema. Ikipungua unene, mwendo wa uso wake unakaribiana na wa mwenzake na ganda halivuki vizuri. Asiyejua akiona chuya zimeongezeka anakaza rola zikaribiane. Chuya zinapungua kidogo, lakini chenga zinajaa, mpira unapata moto na kunuka, na rola zinakwisha kabla ya wakati. Fundi mzoefu hakimbilii kukaza. Anapima unene, anabadilishana rola, ya haraka inakwenda upande wa taratibu, kisha ndipo anaseti nafasi.

Kujua imekaa sawa: chota mchele unaotoka kwenye rola, kabla haujaingia kwenye kung'arisha, hesabu punje 100. Zikibaki 10 hadi 15 zenye ganda, acha hapo, kitenganishi kitazirudisha. Ukitaka ganda livuke kwa punje zote mia kwa mara moja, unavunja mchele. Msaidizi afanye hesabu hiyo mwenyewe kila asubuhi, na kila mpunga wa mkulima mwingine unapoingia, fundi akiwa pembeni amenyamaza.

KijanaNjiro
Mzee umeeleza vizuri, ila daftari ni mambo ya zamani. Rekodini kila kitu kwa simu. Halafu huyo msaidizi mfungeni mkataba wa miaka mitano asiondoke, maana mkishamfundisha tu, kiwanda cha jirani kinamchukua.

Mzee_wa_Spana
Video inafaa kwa kufungua na kufunga, bolti ipi inatangulia, beringi inakaa upande gani. Haionyeshi joto la mchele mkononi wala ugumu wa punje chini ya jino. Mpunga wenye unyevu wa asilimia 14 na ule wa 17 kwenye simu vinafanana kabisa. Huo wa 17 ukiukoboa kwa seti ya jana, punje zinapondeka na pumba inaganda kwenye chujio.

HR_Sakina
Na hilo la miaka mitano, kaka, nusu umepatia. Mnaweza kuandikishana muda, na mnaweza kukubaliana kwa maandishi kuhusu gharama ya kozi mliyomlipia. Kumlazimisha mtu afanye kazi hamuwezi. Anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria ni siku 28, na siku 28 hazitoshi kumfundisha mtu msimu mmoja wa mpunga. Kwa hiyo mpango usisubiri notisi. Fundi wa miaka 58 anaweza kustaafu kwa hiari hata leo, maana hiari inaanza 55. 60 ni lazima.

Likizo nayo ni siku 28 za mfululizo kwa mwaka, na viwanda vingi vya familia humlipa fundi pesa ili asiende. Mnajinyima mtihani wa bure. Mpeni likizo yake yote, kwanza wakati kazi ni chache, mwaka unaofuata iguse mavuno. Mkubaliane kwamba hapigiwi simu. Kila mashine inaposimama msaidizi aandike saa, dalili na alichofanya. Kama kuna jambo limewashinda kabisa, iteni fundi wa nje mlipe, msimwite mwenye likizo. Akirudi, kaeni watatu mpitie karatasi ile. Mambo yaliyowashinda ndiyo masomo ya miezi inayofuata, si yale mliyofikiria mezani.

UmemeUnga_LTD
Naongezea upande wa umeme, kwa sababu hapo watu huumia. TANESCO wakitengeneza laini na fezi zikarudi zimepishana, mota zote zinazunguka kinyume. Dalili ya kwanza ni lifti ya mpunga: mota inanguruma, vikombe havipandishi kitu. Msaidizi afundishwe kuwasha lifti peke yake kwa sekunde chache kila umeme unaporudi baada ya matengenezo, kabla ya kumwaga mpunga. Ikizunguka kinyume, azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, aite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Asiguse nyaya.

Maana yake nafasi ya fundi wenu ni kazi mbili mlizompa mtu mmoja. Zitenganisheni. Kukoboa abaki nako mtu wa ndani, umeme uwe mkataba na fundi wa nje, na namba ya fundi umeme wa pili, wa akiba, ibandikwe ukutani.

MamaMchele_Moshi
Hapo nimepata kitu, hatukuwahi kufikiria kuzigawa. Swali: fundi atafundisha kwa moyo kweli? Naona anaficha, hasa wauza spea.

HR_Sakina
Anaficha kwa sababu siku msaidizi akijua, yeye hana kazi. Mwandikieni kabla hajaanza kufundisha: mshahara wake haupungui hadi tarehe ya kustaafu, na kuna malipo ya kufundisha kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza msaidizi akibadilisha rola peke yake na hesabu ya punje ikakubali, la pili akimaliza likizo ya kwanza ya fundi, la tatu akimaliza ya msimu wa mavuno. Lipeni kwa kazi iliyoonekana, si kwa miezi iliyopita.

Mzee_wa_Spana
Mimi malipo ya mafungu siyapendi. Fundi atasukuma kijana apite haraka ili alipwe. Bora mumpandishe mshahara na cheo cha mwalimu.

UmemeUnga_LTD
Wauza spea ni rahisi: kuanzia leo kila beringi na kila mkanda ununuliwe kwa risiti yenye namba ya spea na jina la duka, msaidizi ndiye aende dukani. Baada ya msimu mmoja orodha mnayo bila kumuuliza mtu.

MamaMchele_Moshi
Limebaki lililo zito. Msaidizi ana mkono mzuri, lakini mzee wa nyumbani anataka kijana wetu wa VETA ndiye awe fundi mkuu. Wote wawili wapo humu kiwandani.

Mangi_wa_Himo
Mtoto wa nyumbani kwanza. Msaidizi ataondoka tu.

Mzee_wa_Spana
Ataondoka mkimpitia juu. Wote wawili wahesabu punje 100 za gunia lilelile, kila mmoja peke yake, kila asubuhi kwa msimu mzima, na majibu yaandikwe. Mzee wa nyumbani aonyeshwe karatasi hiyo kabla hajasema neno.