Yogati imepita tarehe, juu maji kama kisima, halafu naambiwa "Mbeya baridi, haiharibiki". Mnatuonaje?

DadaWaKabwe

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mtanivumilia.

Juzi nimepita minimaketi moja hapa Mwanjelwa, jina naliweka kiporo kwanza. Nikachukua yogati ya kopo la nusu lita, ile nyeupe isiyo na matunda, mwanangu anaila asubuhi na uji. Kibandiko cha bei wamekibandika juu ya tarehe kabisa, si pembeni, JUU YAKE. Nyumbani nakibandua, tarehe imepita siku nne. Nafungua, juu kuna maji ya rangi ya njano inayokaribia kijani, kina cha unene wa kidole, na bonge lenyewe limejibandua kwenye kuta za kopo. Nikaonja kwa ncha ya kijiko: kali, inakunja uso.

Nikairudisha muda uleule. Kijana wa kaunta ananionyesha maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Akaitwa mwenye duka. Mzee wa watu ananiambia bila hata kulifunua kopo: "Mama, hayo maji ni kawaida, koroga tu. Na Mbeya hii yenyewe ni friji, yogati haiwezi kuharibika." Anaongea hivyo amesimama kando ya friji la vioo ambalo taa haiwaki! Nimegusa soda za ndani, vuguvugu.

Elfu kadhaa hazitaniua. Kinachoniuma ni kibandiko juu ya tarehe na kuambiwa nikoroge nimpe mtoto. Nani anajua haya mambo, maji yale ni nini hasa? Na nianzie wapi kumshika huyu mzee?

Chifu wa Tukuyu

Dada tulia. Sisi Rungwe mtindi tunaukuta umekaa kwenye kibuyu muda mrefu tu na tunakunywa na ndizi. Mtindi ni asidi, asidi inaua kila kijidudu. Hizo tarehe ni biashara tu, wanataka umwage ununue mpya. Koroga, weka sukari, mpe mtoto.

DadaWaKabwe

Chifu, kibuyu cha bibi yako hakina kibandiko cha bei juu ya tarehe. Usinichanganyie mada.

Mzee wa Uyole

Tatizo hili nalijua. Wanaongeza maji kwenye maziwa! Mimi nina laktomita, maziwa mazima yanasoma 1.028 kwenda juu, yakishuka hapo ujue bomba limefunguliwa. Nunua laktomita mwanangu, wasikuchezee.

Mnyalukolo_Maziwa

Kamwene wote. Nilikaa kiwandani upande wa Njombe miaka kadhaa, idara ya mtindi na yogati, kwa hiyo hapa niko nyumbani.

Mzee wa Uyole, shikamoo. Laktomita inapima maziwa mabichi yanapopokelewa. Kwenye yogati iliyoganda haina kazi. Ila ni kweli kwamba maziwa yaliyotiwa maji hutoa yogati legevu inayoachia maji upesi, kwa hiyo hukukosea kabisa.

Sasa dada Kabwe. Yale maji si maji ya bomba wala si uozo. Ni maji ya maziwa yenyewe, na ile rangi ya njano-kijani ni vitamini B2 iliyomo humo. Kiwandani maziwa tunayapasha mpaka nyuzi 85 na kuyashikilia hapo nusu saa, au nyuzi 90 hadi 95 kwa dakika tano hivi. Tunayapoza mpaka 42 au 43, tunatia mbegu ya bakteria, tunayaacha yatulie masaa manne hadi sita. Bakteria wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi, protini inashikana na kufanya kama wavu wa samaki, maji yote yananaswa ndani. Hapo hapo tunapoza haraka mpaka chini ya nyuzi 5. Kupoza ni kuwapunguza mwendo bakteria, si kuwaua. Wanaendelea kutengeneza asidi kidogo kidogo mpaka siku unayofungua kopo, ndiyo maana yogati ya jana na ya wiki ya tatu hazina ukali sawa hata kama zote ni salama.

Asidi ikizidi, wavu unasinyaa na kukamua maji. Ukiutikisa barabarani unakatika na kuachia maji. Ukipata joto, yote mawili yanakwenda kasi. Kwa hiyo kijiko kimoja cha maji juu ya kopo ni kawaida, koroga na ule, hapo mwenye duka hakusema uongo. Unene wa kidole, bonge limejibandua na ukali wa kukunja uso, hiyo inanionyesha kopo halikukaa kwenye baridi linayohitaji. Bado si ushahidi kwamba ni sumu. Ni ushahidi wa namna lilivyotunzwa.

DadaWaKabwe

Asante sana mnyalukolo. Na hilo la "Mbeya ni friji"?

Mnyalukolo_Maziwa

Hilo ni la kuchekesha. Usiku wa Juni na Julai Mbeya inashuka chini ya nyuzi 10, sawa. Lakini mchana wa mwezi huohuo unapanda mpaka ishirini na ushee, na kwenye friji la vioo lililozimwa, lenye jua la mlangoni, ndani ni joto kuliko nje. Yogati inataka 4 usiku na mchana. Hiyo baridi ya Mbeya inafaa kwa sweta.

Chifu wa Tukuyu

Bado hujanijibu la asidi. Mbona wazee wetu hawakufa?

Mnyalukolo_Maziwa

Chifu, asidi inawazuia bakteria wengi wabaya wasizaliane, hapo uko sahihi. Lakini ukungu na hamira vinaipenda asidi, vinastawi humo humo. Hamira ikiingia inatoa gesi: mfuniko unavimba kama tumbo, ukifungua unapumua "fyuu", ndani kuna mapovu na harufu kama ulanzi wa siku ya pili, ulimini inachomachoma. Ukungu unauona, madoa yenye manyoya, kijani, meusi au meupe. Kukiwa na rangi ya waridi au chungwa ambayo si ya tunda, au utelezi unaovutika kama bamia, au uchungu badala ya uchachu, mwaga. Na usikwangue doa la ukungu ukala kilichobaki, mizizi yake imeshuka chini usikokuona. Kopo zima jalalani. Dada, lako lilikuwa na lolote kati ya hayo?

DadaWaKabwe

Mfuniko ulikuwa bapa. Mapovu sikuona. Harufu ya mtindi tu, ila kali.

Mnyalukolo_Maziwa

Basi kwa macho haikuwa imeoza, ilikuwa imechachuka kupita kiasi. Mimi mtu mzima ningeikandia maandazi. Mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa nisingempa kitu kilichopita tarehe ambacho sijui kimelala wapi.

Mama Wawili Mafinga

Jamani na mimi nisaidieni. Natengeneza yogati nyumbani, naweka kwenye hotipoti jioni nafungua asubuhi. Kila mara maji juu, na kali. Nimebadilisha maziwa, nimebadilisha mbegu, wapi!

Mnyalukolo_Maziwa

Mama, jioni mpaka asubuhi ni masaa kumi na zaidi, na hotipoti inatunza joto, bakteria wanakesha kazini. Weka saa kumi alasiri, fungua saa nne usiku. Likiwa limeganda kama jeli, peleka kwenye friji bila kulitikisa, na usilikoroge mpaka lipoe. Usilifunue kila saa kuchungulia.

Duka_Makambako

Naona mnatushambulia wenye maduka, ngojeni niseme. Mimi nauza yogati Makambako. Gari la msambazaji linafika saa saba mchana, makopo yamepangwa chini ya turubai, boksi la barafu limeshayeyuka. Anashusha, anaondoka. Yakibaki harudi kuchukua, hasara yangu. Umeme unakatika, na ukiwepo friji linakula LUKU kuliko faida ya yogati yenyewe. Wapo wanaozima usiku, sikatai. Huyo mzee kuziba tarehe amekosea. Lakini msiseme kila kopo lenye maji ni kosa la duka.

DadaWaKabwe

Kaka, LUKU yako isilipwe na tumbo la mwanangu. Huwezi kuitunza, usiiuze. Uza soda.

Duka_Makambako

Sawa dada. Na wewe umeitoa Mwanjelwa mpaka Kabwe kwenye mfuko, nani aseme haikutikisika?

Mnyalukolo_Maziwa

Swali hilo lina maana, na njia ya kulijibu ipo. Kwenye kopo kuna namba ya toleo karibu na tarehe. Tafuta duka jingine lenye friji linalofanya kazi, nunua kopo la toleo hilohilo, libebe umbali uleule, fungua uyaweke pamoja.

DadaWaKabwe

MREJESHO. Nimelipata duka la upande wa Soko Matola, toleo lilelile, tarehe ileile iliyopita. Na wao hawakuwa wamelitoa, ila lilikuwa kwenye kapu la "bei ya kumaliza" na wameniambia wazi kwamba limepita. Friji linaguruma, kopo la baridi mpaka mkono unauma. Nimelifungua: maji hayafiki kijiko kimoja, bonge limeshika kuta, ukali wa kawaida. Yote mawili yamekaa mezani, picha ninazo, yametoka mtungi mmoja lakini utadhani si ndugu.

Mnyalukolo_Maziwa

Basi kiwanda kimetoka kwenye lawama kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maziwa ni yaleyale na mbegu ni ileile. Inabaki duka au gari lililoleta kwa huyo mzee. Kulinganisha makopo mawili tu hakutenganishi duka na gari, hapo kaka wa Makambako bado ana hoja.

DadaWaKabwe

Hoja awe nayo. Kibandiko hakikubandikwa na gari.

Chifu wa Tukuyu

Hapo kwenye kibandiko niko na wewe. Mengine bado nakunywa.

Mnyalukolo_Maziwa

Dada, mambo ya ubora wa chakula yako chini ya TBS tangu 2019, na ofisi ya kanda wanayo hapo hapo Mbeya. Usiende na hadithi ya maji, watakwambia hivi nilivyokwambia mimi. Nenda na risiti, kopo, kibandiko chenyewe kikiwa bado kimeshika kwenye plastiki, na tarehe ya ununuzi. Kuuza kilichopita tarehe huku umeificha ndiyo kesi yako.

DadaWaKabwe

Kibandiko nimekirudishia palepale, kopo liko kwenye friji langu limeandikwa USILE. Ijumaa nakwenda. Mwenye risiti kutoka duka lenye friji lisilowaka taa, Mwanjelwa, barabara ya stendi, anifuate inboksi twende wawili.

Mzee wa Uyole

Na laktomita nenda nayo.