Mjadala: Mtoa huduma ana haki gani ya kutupa pakiti nilizozilipia?

Mtu wa Makole: Wakuu, nisaidieni kuhukumu. Ofisi yetu hapa Makole ina laini mbili kutoka kampuni mbili, faiba na ya redio. Wenzetu wa Kondoa walikuwa wanaingia kwenye mfumo wetu kupitia anwani ya laini ya redio, miaka miwili bila shida. Jumatatu iliyopita wakakatika. Nimehangaika siku tatu, hatimaye fundi wa kampuni ya faiba akaniambia kwenye simu kuwa wameanza kutupa pakiti "zenye chanzo kisichowezekana". Zangu haziwezekani vipi wakati kila mwezi nalipa? Wana haki hiyo?

Mzee wa Nyaya: Haki tutaifikia. Kwanza kaa kwenye ile mashine yako ya lango, mwambie mtu wa Kondoa ajaribu kuingia, halafu utuwekee unachokiona hapa:

```
tcpdump -ni any tcp port 443
```

Badilisha anwani kabla ya kubandika, hatuhitaji kujua zako halisi.

Wakili wa Area D: Mimi si mtu wa kompyuta, ila mkataba ni mkataba. Nikimpa msafirishaji gunia la mahindi pale Kibaigwa, kazi yake ni kulifikisha. Akilitupa njiani kwa sababu hakupenda jina lililoandikwa juu, atanilipa. Na hapa hata taarifa hawakutoa.

Mtu wa Makole: Mzee, shikamoo. Hiki hapa, anwani nimebadilisha. eth0 ni faiba, eth1 ni redio.

```
eth1 In  IP 192.0.2.77.51522 > 198.51.100.34.443: Flags [S]
eth0 Out IP 198.51.100.34.443 > 192.0.2.77.51522: Flags [S.]
```

Mistari hiyo miwili inajirudia baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, halafu Kondoa wanaambiwa muda umeisha.

Mzee wa Nyaya: Marahaba. Jibu lako limo kwenye mstari wa pili. Ombi la Kondoa limeingia kwa redio, mashine yako imelipokea na kulijibu vizuri kabisa. Lakini jibu limetoka kwa faiba, kwa sababu ndiyo njia kuu ya mashine hiyo, na limetoka likiwa na anwani ya kampuni ya redio. Sasa jiweke kwenye ruta ya kampuni ya faiba. Kwenye poti yako wanajua walikupa anwani 8, tuseme 203.0.113.8/29. Inakuja pakiti inayodai imetoka 198.51.100.34. Kwao, nyuma ya waya ule hakuna mtu wa anwani hiyo. Wanaitupa, na Kondoa wanaendelea kupiga hodi kwa sababu jibu halijawafikia.

Wakili, mfano wako wa gunia ni mzuri ila umelishika upande usio wenyewe. Fikiria kifurushi kinapakiwa kwenye basi stendi ya Nzuguni, juu kimeandikwa kimetumwa kutoka Tunduma. Wakala wa Nzuguni amemuona kwa macho yake mtu aliyekileta, anajua hakijatoka Tunduma. Kikishashuka Mbezi pale stendi ya Magufuli na kuchanganywa na vingine mia tatu, hakuna wa kubisha tena. Intaneti ni hivyohivyo. Ruta za katikati zinaangalia pakiti inakwenda wapi, hazina njia ya kujua kwa hakika imetoka wapi. Anayejua ni yule wa kwanza tu, aliyeshika waya wa mteja. Ndiyo maana uchujaji unafanyika pale mlangoni, na asipoufanya yeye hakuna wa kumfanyia huko mbele.

Kijana wa Ihumwa: Mzee umeenda mbali. Hapa kwetu karibu kila mtu yuko nyuma ya NAT, ukighushi anwani ruta inaiandika upya na ya kwake. Kwa hiyo kuchuja ni kusumbua wateja bure. Halafu kaka wa Makole, dawa ni kuweka `net.ipv4.conf.all.rp_filter=1` kwenye mashine yako, yataisha.

Mzee wa Nyaya: Kijana, nusu ya kwanza nakukubalia. Laini nyingi za nyumbani na za simu ziko nyuma ya NAT, na hapo pakiti ya kughushi mara nyingi haitoki kama ilivyoandikwa. Nasema mara nyingi kwa sababu kuna ruta za bei rahisi zinazopitisha pakiti zisizozitambua bila kuzigusa. Lakini laini za ofisi zenye anwani za umma, kama hii ya Makole, hazina NAT mbele yake. Seva za kukodi hazina. IPv6 kwa kawaida haina. Mshambuliaji hahitaji laini zote, zinamtosha chache zilizoachwa wazi.

Hilo la `rp_filter` kaka asilifanye hivi sasa. Kile ni kichujio cha aina hiyohiyo, ila cha mashine yenyewe. Ukiweka 1, mashine itajiuliza: "Wa Kondoa huyu, mimi nikitaka kumjibu ningepitia wapi?" Itajijibu eth0. Kisha itaona ombi limeingia kwa eth1, italitupa kabla hata mfumo haujalisikia. Leo analia jibu halifiki, kesho atalia ombi haliingii. Iache kwenye 2.

Mama Saiba wa Nkuhungu: Samahani naingilia, hii inanihusu. Mwaka jana saiba yangu ilikuwa haifunguki kurasa, wateja wanaondoka. Kushusha kulikuwa karibu tupu, kupandisha kumejaa megabiti 10 zote mchana na usiku. Nilidhani vijana wanapakia video, nikawagombeza bila kosa. Kumbe ruta yangu ilikuwa inajibu maswali ya DNS, yale ya kuuliza anwani ya tovuti, ya watu wa nje. Fundi akafunga poti 53 upande wa nje, ikapona. Sasa kama kampuni zinachuja, mbona mimi haikunisaidia?

Mzee wa Nyaya: Dada, wewe ulikuwa mtu wa kati, na kisa chako ndicho kinachoonyesha kwa nini anwani inaghushiwa.

Mtu aliye mbali anaandika swali dogo la DNS, tuseme baiti 64. Sehemu ya mtumaji haweki anwani yake, anaweka ya mtu anayetaka kumuumiza. Analituma kwako. Ruta yako kwa uungwana wake inajibu baiti 3,000, na jibu linaenda kwa aliyeandikwa, siyo kwa aliyeuliza. Hiyo ni karibu mara 47. Kuzijaza megabiti zako 10 za kupandisha inatosha maswali ya kama kilobiti 200 kwa sekunde, ndiyo maana kwenye kushusha hukuona kitu. Wako maelfu kama wewe, wote wanamwagia mtu mmoja.

Hii inawezekana kwa UDP, namna ya kutuma ambayo DNS huitumia, kwa sababu UDP haipigi hodi. TCP inataka pande mbili zijibizane kwanza, na mwenye kughushi hapati lile jibu la katikati. Mwezi Februari 2018 GitHub ilipigwa kwa njia hiyohiyo, terabiti 1.35 kwa sekunde, safari hiyo seva za memcached, programu ya kuhifadhi data kwa muda, ndizo zilizotumika kama ruta yako.

Kampuni yako isingeweza kukusaidia. Maswali yalikuja kutoka nje yakiwa na anwani ya mtu halisi aliye nje. Kwa wakala wa Mbezi, kifurushi hicho hakina kasoro. Aliyeweza kukizuia ni mtoa huduma wa yule mshambuliaji, na hakufanya.

Wakili wa Area D: Hapo sasa umenipa hoja. Kumbe kichujio hakimlindi anayekilipia! Kampuni ya faiba inatumia fedha na kumkata mteja wake wa Makole ili kumwokoa mtu wa nchi nyingine. Nani atafanya hivyo kwa hiari?

Mzee wa Nyaya: Hapo umegonga penyewe. Ushauri huu wa kuchuja pale mlangoni uliandikwa Mei 2000, wenyewe tunauita BCP 38, na hadi leo wako wasioufuata kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaoweka kichujio kilegevu kinachouliza tu kama anwani ipo popote duniani. Anwani ya anayeshambuliwa ipo, inapita, basi kwa kosa hili hujafanya kitu.

Na kuchuja kwa ukali kuna makosa yake. Mtu mwenye laini mbili ndiye wa kwanza kuumia, na hilo lilijulikana mapema, hadi mwaka 2004 ukatoka waraka mwingine, BCP 84, kwa ajili ya watu wa laini mbili tu. Kwa hiyo sisemi kampuni imekosea kuchuja. Imekosea kufunga mlango bila kuangalia nani yuko kizingitini. Wangesoma kaunta za pakiti kwa wiki moja kabla ya kuanza kutupa, poti ya Makole ingejionyesha yenyewe.

Wakili wa Area D: Basi TCRA iwalazimishe wote wachuje, na iwalazimishe kutoa taarifa.

Kijana wa Ihumwa: Kulazimisha utalazimisha, utapimaje? Kichujio hakionekani kwa nje.

Mzee wa Nyaya: Kinapimika, ila kwa kutokea ndani. Watafiti wa CAIDA wana programu inayoitwa Spoofer, unaiendesha ukiwa kwenye laini husika, inajaribu kutuma pakiti za kughushi kwenda kwenye seva zao na kuona zipi zimefika. Lazima mtu wa ndani akubali kuiendesha. Kuhusu sheria mimi bado sijashawishika. Naogopa fundi aliyelazimishwa ataweka kile kilegevu apate tiki kwenye fomu.

Kaka wa Makole, turudi kwako. Usiwaombe waondoe kichujio. Fanya jibu litokee mlango lilikoingilia. Kama lango la redio ni 198.51.100.33:

```
ip route add default via 198.51.100.33 dev eth1 table 200
ip rule add from 198.51.100.34 table 200
```

Ukiwasha mashine upya zitapotea, ziandike kwenye mipangilio ya kudumu.

Mtu wa Makole: Kondoa wameingia! Sasa mistari yote miwili inaonyesha eth1. Lakini kamera ya stoo, ambayo iko nyuma ya hiyo mashine kwenye 192.168.10.20, bado haifunguki kupitia anwani ya redio.

Mzee wa Nyaya: Ile haitafunguka kwa kanuni hiyo. Njia inachaguliwa wakati jibu la kamera bado limevaa 192.168.10.20. Anwani ya redio linavishwa mwishoni, likiwa tayari limeelekezwa faiba. Inabidi uutie alama muunganisho pale unapoingia kwa eth1, kisha njia ichaguliwe kwa alama, siyo kwa anwani. Jioni nikitoka shambani Hombolo nitakuandikia.

Wakili wa Area D: Na zile siku tatu walizomkata, nani anazilipa?

Mama Saiba wa Nkuhungu: Wakili, mimi ni mwaka mzima nasubiri hilo jibu.