Excel au softwea ya hesabu kwa duka Kariakoo? Faida ya Machi imepungua yenyewe

DadaWaya
Wakuu habari za jioni. Nina duka la vifaa vya umeme Kariakoo, jumla na rejareja, tupo mimi na mdogo wangu. Hesabu zote naweka Excel, mauzo shiti moja, bei za kununulia shiti nyingine, na mafundi wanaochukua mali kwa deni wana shiti yao. Sasa kuna kijana kaja na softwea anataka laki sita na nusu ya kufunga halafu laki mbili kila mwaka, anasema Excel ni ya wanafunzi. Mimi sio kwamba naipenda Excel ila hiyo hela ni mzigo mzima wa soketi. Kinachonifanya nifikirie ni kwamba mwezi wa tatu niliandika pembeni kwenye daftari faida ya waya wa 1.5 ni laki tatu, leo nafungua faili naona laki na nusu, na hakuna mtu aliyegusa mauzo ya Machi, mdogo wangu anaapa. Je ndo dalili ya kuhama?

BossTemeke
Dada nunua softwea usijiulize mara mbili. Ukishaingia VAT TRA hawataki kuona Excel kabisa, wanakulazimisha uwe na mfumo. Na faili likifa na laptopu utalia.

JuaKaliKompyuta
Hapo kwenye faili kufa na laptopu uko sahihi, dada weka kopi kwenye flashi na ingine Google Drive. Ila kuhama kwa ajili ya faida kubadilika ni kukimbia kivuli. Tupia hapa fomula unayotumia kwenye bei ya kununua.

DadaWaya
Alinitengenezea binamu yangu, kwenye kila mstari wa mauzo ipo hii:

```
=VLOOKUP(B2,Bei!A:B,2,FALSE)
```

Halafu hiyo naitoa kwenye bei ya kuuza, nazidisha kwa idadi, ndo faida.

MamaSambusa
Samahani naingilia, mi nauza vitafunwa Tabata, nanunua unga asubuhi jioni nimemaliza, na mimi ninunue hiyo softwea? Maana na mimi amenifuata kijana kama huyo huyo

MzeeWaLeja
Mama Sambusa wewe hapana, mali yako haivuki siku na hukopeshi, daftari lenye safu mbili za hela iliyoingia na iliyotoka linakutosha kabisa, usimpe mtu hela yako.

Dada Waya, mdogo wako umsamehe, hajaiba kitu. Ngoja nikuulize, mwezi wa nne mzigo wa waya ulipanda bei ukaenda kwenye shiti ya Bei ukafuta ya zamani ukaandika mpya?

DadaWaya
Ndiyo mzee shikamoo. Machi nilikuwa na roli 40 za 68,000, nikauza 25 kwa 80,000. Aprili nikaongeza roli 30 kwa 74,000 kwa hiyo nikabadilisha bei.

MzeeWaLeja
Marahaba. Basi ndo hapo hapo. Ile fomula yako haikumbuki bei ya siku uliyouza, kila ukifungua faili inakwenda kuchungulia bei iliyopo sasa hivi kwenye shiti ya Bei. Machi ulikuwa unapata 12,000 kwa roli mara 25, laki tatu kamili. Ulipoandika 74,000 Excel ikarudi nyuma ikahesabu roli zile zile 25 kana kwamba ulizinunua 74,000, ikakupa 6,000 kila roli, laki na nusu. Na ubaya wake ni kwamba haikuambii kosa, hakuna alama nyekundu wala nini, hesabu inajumlisha vizuri tu ila ni ya uongo. Wewe umeiona kwa sababu una daftari pembeni, wengi hawaoni mpaka mwisho wa mwaka mhasibu anapouliza mbona mali iliyobaki stoo hailingani na faida.

Kwa hiyo swali lako sio Excel au softwea. Swali ni chombo gani kinatunza gharama ya kila mzigo bila kuigusa ya zamani. Roli zako 15 za zamani ni 1,020,000, ukiongeza 30 mpya za 2,220,000 unapata 3,240,000 kwa roli 45, yaani wastani wa 72,000. Kuanzia hapo kila roli unayouza 80,000 faida yake ni 8,000, na Machi inabaki laki tatu yake milele. Softwea nzuri inapiga hiyo hesabu kila unapoingiza manunuzi bila kukuuliza.

JuaKaliKompyuta
Na kwenye Excel inawezekana mzee, tena kirahisi. Dada usibadilishe bei ya zamani hata siku moja, kila mzigo mpya upe jina lake kwenye shiti ya Bei, mfano W15-A ni ule wa 68,000 na W15-B ni wa 74,000, ukiuza unaandika umeuza wa mzigo gani. VLOOKUP ile ile inaendelea kufanya kazi hujabadilisha kitu. Bure.

MzeeWaLeja
Inafanya kazi, ila jua kwamba hapo unapata jibu tofauti na la wastani. Tuseme Aprili umeuza roli 20. Kwa njia ya JuaKali, 15 za kwanza zina faida ya 12,000 na tano zina 6,000, jumla 210,000. Kwa wastani ni 160,000. Zile 25 zilizobaki JuaKali atapata 150,000 na mimi 200,000, mwisho wa safari wote tuna 360,000. Hakuna aliyekosea, ila chagua moja na mhasibu anayekufungia hesabu aijue, usiruke ruke mwezi huu hivi mwezi ujao vile kwa sababu ya kupendezesha faida. Hata hizi programu kubwa hazifanani, QuickBooks ya mtandaoni inaanza kutoa gharama ya mzigo wa kwanza, ile ya kompyuta inatumia wastani, Tally inakuachia uchague kwa kila bidhaa.

BossTemeke
Bado mnamzungusha dada wa watu. TRA je?

MzeeWaLeja
Bosi, kinacholazimishwa ni mashine ya EFD na risiti, na kutunza kumbukumbu zako miaka 5. Hakuna mahali wanasema lazima ununue softwea ya hesabu. VAT ni lazima mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, na ukiingia ritani inakwenda kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita. Hapo nakubaliana na wewe nusu, mtu wa VAT mwenye risiti mia mbili za manunuzi akifanya kwa mkono atateseka. Dada mzunguko wako ukoje?

DadaWaya
Mwezi mzuri milioni 15 hivi, mwezi mbaya 11.

MzeeWaLeja
Basi uko chini ila sio mbali, miezi mizuri ikifuatana unakaribia 180. Liweke akilini.

Sasa huyo kijana wa softwea, kabla hujampa hata mia, mwambie akuwekee programu ya majaribio umwangalie anafanya hivi. Aingize manunuzi roli 40 za 68,000 tarehe za Machi. Auze 25 kwa 80,000. Atoe ripoti ya faida ya Machi, iseme 300,000. Halafu aingize manunuzi ya Aprili, 30 za 74,000, arudi kutoa ripoti ya Machi tena. Ikibaki 300,000 na stoo ikaonyesha mali ya 3,240,000, endelea kuongea naye bei. Ikigeuka, hujanunua softwea, umenunua Excel yako yenye rangi nzuri. Halafu ajaribu kuuza roli 50 wakati stoo zipo 45. Programu ikikubali kimya kimya stoku ikaenda hasi tano, ujue siku mdogo wako akiuza mzigo kabla wewe hujaingiza manunuzi, gharama zitavurugika na kuja kuzitengeneza ni shughuli pevu.

JuaKaliKompyuta
Aongeze na moja, data zinatoka? Siku ukiacha kulipa hiyo laki mbili ya mwaka unaweza kuchukua mauzo na madeni yako yote kwenda nayo au yanafungiwa humo.

DadaWaya
Wakuu nimerudi. Kijana alikuja dukani na laptopu yake, nikamsomea lile jaribio la mzee kutoka kwenye simu. Manunuzi, mauzo, ripoti ya Machi 300,000 sawa. Akaingiza mzigo wa Aprili, programu ikamuuliza kama anataka kubadilisha bei ya kununulia, akabonyeza ndiyo. Ripoti ya Machi: 150,000. Akajaribu tena akabonyeza hapana, Machi ikabaki laki tatu ila sasa mzigo mpya wote nao unahesabiwa 68,000. Kuuza 50 ilikubali bila neno. Amesema atampigia bosi wake.

JuaKaliKompyuta
😂😂 bei moja kwa kila bidhaa, nilijua tu

MzeeWaLeja
Hiyo ni programu ya kutoa risiti na kuhesabu vipande, sio ya hesabu. Zipo nyingi mjini, na kwa duka linalotaka kujua tu vimebaki vingapi sio mbaya. Ila faida usiisome humo.

Kwa sasa fanya ya JuaKali ya W15-A na W15-B. Siku mbili ndo zitakutoa Excel, moja ni hiyo VAT. Nyingine ni mafundi. Una wangapi wanaodaiwa?

DadaWaya
Kama thelathini mzee, na wengine wanalipa nusu nusu kwa Lipa Namba, mdogo wangu anaandika kwenye simu yake mimi naandika kwenye laptopu, jioni tunaunganisha.

MzeeWaLeja
Hapo mimi ndo naona hatari kuliko waya. Watu wawili, mafaili mawili, malipo ya nusu nusu. Fundi akilipa 50,000 ikaandikwa pande zote mbili wewe utaona ameshalipa laki, na hatakukumbusha. Kama hutaki kuhama bado basi faili liwe moja mtandaoni, malipo yawe shiti yake kila mstari malipo mamoja na namba ya muamala ya Lipa Namba pembeni, ikijirudia namba unaiona. Kila Jumamosi linganisha jumla ya shiti hiyo na taarifa ya Lipa Namba.

BossTemeke
Watu thelathini wa deni kwa Excel? Mi bado nasema softwea.

MzeeWaLeja
Kwa sababu hiyo ya madeni sikupingi bosi. Kwa ile ya TRA ndo nilikupinga.

DadaWaya
Nashukuru wakuu, W15-A nimeshaanza na faili nimeliweka mtandaoni. Ila kuna kitu kimenikwamisha leo leo, ile roli ya mita 100 nikiikata kwa rejareja nahesabuje? 68,000 kwa mita 100 ni 680 kwa mita, sawa, ila kila roli kinabaki kipande cha mita mbili tatu hakiuziki, na kwenye shiti kinaonekana bado ni mali.

JuaKaliKompyuta
Weka stoku yote kwa mita sio roli, vipande uviandike kama vimeharibika.

MzeeWaLeja
Au gawanya 68,000 kwa mita 97 tangu mwanzo, inakuja kama 701. Mimi napenda hii, ila wapo wahasibu watakaobisha. Muulize wa kwako.