Ulinganisho: dayodi 1 au 2 za 1N4007, au niweke shotki? Na hesabu ipi ya kuamini, 0.7 au ule mlinganyo mrefu

tangi_la_kisauni
Wazima humu. Nina adapta ya volti 5 na moduli ya SIM800L inayotaka volti 3.4 mpaka 4.4, nikaambiwa nipitishe dayodi moja ya 1N4007 itakula 0.7 nibaki na 4.3, kazi kwisha. Nimeweka, napima na mita naona 4.73! Nimebadilisha dayodi mara tatu, zote hivohivo. Sasa kesho naenda Mwembe Tayari kununua vitu, niongeze dayodi ya pili, ama nichukue shotki ya 1N5819, ama hizi nilizouziwa ni feki?

bakkonvata_tu
Achana na dayodi. Chukua konvata ya LM2596, zungusha skrubu mpaka volti unazotaka, funga. Dayodi si kifaa cha kushushia volti.

binti_majengo
Ulipima moduli ikiwa imeunganishwa ama hewani? Na moduli inatumia mkondo kiasi gani? Hujasema hata kimoja.

tangi_la_kisauni
Hewani, naogopa kuiunguza. Ni ya kunitumia mesej tangi la juu likikauka maana maji huku yanakuja kwa siku zake. Mkondo sijui, adapta imeandikwa ampea 2.

shotki_damu
1N5819 kaka, hasara yake ndogo, inakula kama 0.3 peke yake. Mimi kila kitu naweka hio.

binti_majengo
@shotki_damu yeye anataka volti zipungue. Ukimwekea ya 0.3 anabaki na 4.7, ndio ameharibu zaidi. Shotki ni nzuri pale unapotaka usipoteze, hapa hataki hivo.

likoni_feri
Usiongeze dayodi ya pili, nisikilize mimi yaliyonipata. Nilitengeneza kengele ya friza ya samaki ya shemeji, moduli hiihii, adapta hiihii. Nikapima hewani kama wewe nikaona 4.7, nikaongeza dayodi ya pili nikapata kama 4.46, nikasema imekaribia, moduli ikiwaka itashuka kidogo itakaa sawa. Mezani iliwaka vizuri, taa ikapepesa, nikaifunga kwa shemeji nikaenda zangu. Kila ikijaribu kutuma mesej inazima na kuwaka upya, inazima na kuwaka upya, usiku kucha. Nikabadilisha laini ya simu, nikabadilisha antena, nikanunua moduli ya pili, bado. Friza ikazima usiku wa Jumamosi, mesej haikutoka, samaki wa shemeji wakaharibika wote na mpaka leo sijamaliza kumlipa. Baadaye ndio nikaja kuambiwa ikituma inavuta mpaka ampea 2 kwa kitambo kidogo sana, na hapo dayodi mbili zinakula karibu volti 2. Moduli inabaki na 3 na yenyewe inataka 3.4.

bakkonvata_tu
Nilisema.

tangi_la_kisauni
Pole sana ndugu yangu. Lakini sasa sielewi kabisa, kwako dayodi moja ilikula 0.27, kisha hiyohiyo ikala 1. Hii 0.7 inatoka wapi?

mzee_wa_redio
Mwanangu, dayodi zako ni nzima. 0.7 ni makadirio ya mkondo wa kati tu, dayodi yenyewe haina volti moja maalumu. Mlinganyo wa Shockley ni huu:

```
I = Is*(exp(V/(n*VT)) - 1)
```

VT ni volti zinazotokana na joto, kwa nyuzi 27 ni kama milivolti 26, na n ni namba ya dayodi yenyewe. Huhitaji kuijua Is, ule mkondo mdogo sana wa nyuma wa dayodi, ambayo hata karatasi ya dayodi haikuandikii. Geuza mlinganyo kwa logi utaona maana yake: kila mkondo ukizidishwa mara 10, volti zinaongezeka kiasi kilekile. Chukua betri ya volti 9 na rezista mbili, ya kilo-omu 8.2 upate karibu miliampea 1, na ya omu 820 upate karibu 10. Mimi nimepima 1N4007 niliyonayo mezani, 0.60 na 0.70. Basi kwa dayodi hii:

```
V = 0.60 + 0.10*log10(I/1mA)
```

Sasa turudi kwenye kipimo chako. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa mega-omu 10, na hewani mzigo wako ni huo tu. Anza kwa kubahatisha 0.7, mita inabaki na 4.3, mkondo ni maikroampea 0.43. Utie kwenye mlinganyo, unapata 0.263. Rudia kwa 5 kutoa 0.263, mkondo unakuwa 0.474, dayodi inatoa 0.268. Haisogei tena. 5 kutoa 0.27 ni 4.73, ndio uliyoiona. Mita yako haijakosea, na dayodi haijakosea.

binti_majengo
Ahsante mzee. Kwa hio ikituma, ampea 2, mlinganyo unatoa 0.93?

mzee_wa_redio
Ndio, lakini huko juu mlinganyo mtupu unadanganya kidogo, maana dayodi ina ukinzani wake ndani. Ukikadiria omu 0.05, kwa ampea 2 unaongeza 0.1, jumla 1.03. Moduli inabaki na 3.97, toa kidogo cha waya. Inatosha.

shotki_damu
Mi huwa natumia mstari ulionyooka, 0.73 jumlisha 0.15 mara mkondo. Unapata 0.73 chini na 1.03 juu, hakuna logi wala kurudia.

mzee_wa_redio
Mstari wako ni mzuri kati ya miliampea 20 na ampea 2, katikati unakosea mpaka kama 0.09 na hapa haidhuru. Ukishuka kwenye maikroampea utakuambia 0.73 na mita itasema 0.27. Huko hauna kazi.

tangi_la_kisauni
Sasa moduli ikilala si itapanda tena?

mzee_wa_redio
Hapo ndipo penye hatari. Ikilala kwenye miliampea 1 unapata 4.4 kamili, ikishuka zaidi unavuka. Weka rezista ya omu 220 kutoka baada ya dayodi mpaka grandi. Itavuta kama miliampea 19 saa zote, dayodi haitashuka chini ya 0.73, wewe unabaki na 4.27. Haili hata wati 0.1. Na kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu na moduli kwa ile mivuto ya ghafla.

binti_majengo
Na joto? Boksi likikaa chini ya mabati si mchezo. VT inapanda na joto kwa hio dayodi itakula zaidi, volti zitashuka, au?

mzee_wa_redio
VT inapanda kweli, ila Is inapanda kwa kasi zaidi sana, mwisho volti za dayodi zinashuka, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi. Nyuzi 30 zaidi, dayodi inakula pungufu kwa 0.06, moduli inaona 4.33.

pikipiki_ya_kongowea
Samahani jamani, mimi nina sola ya wati 20 inachaji betri ya taa, usiku betri inarudi kwenye sola. Hii 1N4007 itafaa ama 1N5819?

shotki_damu
1N5819! Hapo sasa ndio pake.

binti_majengo
Ya volti 12? Wati 20 ni zaidi ya ampea 1, hio ni ya ampea 1 tu. Na shotki zinavuja kwa nyuma zikipata joto, juu ya bati usiku sawa, jioni je?

tangi_la_kisauni
Nimerudi. 220 nimeweka, hewani sasa mita inasoma 4.28. Nimeunganisha moduli, mesej nne zimetoka zote. Saa saba mchana nitapanda juu na mita nipime boksi likiwa la moto, na adapta yenyewe pia, maana sasa naona wenyewe hatukuipima kama kweli ni 5.

bakkonvata_tu
Zikifika 5.2 utarudi kwangu.